Posti ya Damu Kwenye Ukurasa wa Wageni

Mjukuu wangu anaongea Kiingereza kama mtu anayemwaga mtama kwenye ungo, hakikwami popote. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo siwezi kusema ni kizuri au kibaya, ila nimewaona wageni wakimsikiliza huku midomo imefunguka, na hilo linanitosha. Hapa kijijini Tlawi mtu akinikuta njiani akaniuliza mjukuu hajambo, namjibu hajambo, juzi alikuwa mlimani na Wajerumani. Hao Wajerumani sikuulizwa. Nawatoa mwenyewe.

Kazi yake ni hiyo. Anapeleka wageni Mlima Hanang, na wasioweza kupanda anawatembeza vijijini waone tunavyokamua na tunavyosonga ugali. Wageni wanampata kupitia simu. Ana ukurasa wake huko mtandaoni, na pale juu kabisa kuna picha yake amesimama kwenye mawe ya mlima, meno yote nje, na chini ya picha maneno machache ya kumtambulisha, yote ya Kiingereza. Siku moja nilimuuliza, mbona Kiswahili hukuweka hata salamu?

"Bibi," akaniambia, "anayesoma Kiswahili anauona huu mlima bure kila akiamka. Hawezi kunilipa nimpandishe."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Jibu la mtu aliyesoma.

Mume wake naye ana ukurasa, wa Kiswahili. Wa kwake ni wa mpira na utani wa vijana wa bodaboda, watu wanaomfuata ni wale wale anaokunywa nao chai. Alikuwa akimwambia mke wake achanganye, aweke lugha zote mbili, na mke anamjibu kwamba ukurasa unaochanganya unafanana na duka linalouza dawa ya panya pamoja na mikate. Walikuwa wakibishana hivyo jikoni kwangu, wanacheka, na mimi namenya viazi.

Halafu mvua zikaingia, mimba yake ikawa ya miezi minane, na asubuhi moja nikaitwa hospitali Mbulu mjini.

Nilimkuta amelazwa ubavu, uso umepauka kama jivu la kuni mbichi. Alikuwa ametoka damu tangu alfajiri bila uchungu wowote. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba kondo la nyuma limekaa mlangoni, limemtangulia mtoto, na mtoto hawezi kupita hapo. Lazima apasuliwe. Na akipasuliwa atamwaga damu nyingi.

"Basi mpasue," nikamwambia. "Unangoja nini?"

"Nangoja damu, bibi. Ya kwake ni kundi O hasi. Watu wenye damu hiyo kwetu ni wachache sana. Kwenye friji yetu hakuna, na tumepiga simu kote hakuna ya karibu. Nahitaji chupa mbili mkononi kabla sijashika kisu. Ikibidi nitaingia bila hizo, lakini sitaki."

Nikamwonyesha mkono wangu. Mtaalamu wa maabara alikuwa amesimama pale mlangoni, akatabasamu kwa huzuni. Akasema wazee wa umri wangu hawatolewi damu. Nikamwambia basi nipime tu, kama inafaa tutagombana baadaye. Akanipima, nadhani ili ninyamaze. Haikufaa. Ya mume wake haikufaa. Za ndugu waliokuja na gari moja la mizigo kutoka Tlawi, zote hazikufaa.

"Mpeni hizo hizo," nikasema. "Damu ni damu."

"Kwa wengine ningeweza kuvumilia," yule wa maabara akanijibu, na alinijibu kwa heshima, hakunifanya mjinga. "Lakini mimba yake ya kwanza iliharibika, na mwili wake ukajifunza kuikataa damu isiyo kama yake. Tukimwekea hizi, mwili utapigana nazo. Tafuteni watu, bibi. Tafuteni kwa njia zote mlizonazo."

Njia tuliyokuwa nayo ilikuwa simu yake. Ukurasa wake unafuatwa na maelfu ya watu, wa mume wake ni watu wa kutosha kamati ya harusi tu. Mume akachukua simu ya mke, akakaa nayo kwenye benchi la nje, akaanza kuandika.

Sasa hapo kulikuwa na baba mkubwa wa mume, huyu kijana wetu, mzee wa kanisa, mtu mrefu wa koti jeusi. Akauliza anaandika nini. Kijana akamwambia anaomba damu.

"Kwa lugha gani?"

"Nilitaka Kiswahili, baba mkubwa."

"Kiswahili?" Mzee akageuka kutazama kama kuna watu. "Uandike mambo ya chini ya kanga kwa Kiswahili? Yasomwe na wanafunzi? Yasomwe na wakwe? Kesho nisimame mbele ya waumini, na kila mmoja anajua mke wa kijana wetu anavuja wapi?"

Kijana akanitazama. Na kusema kweli mzee hakuwa anasema jambo geni. Kwetu mambo ya uzazi hayatangazwi mpaka mtoto amelia. Mwanamke akiwa na shida hiyo, wanawake wanaingia, mlango unafungwa, wanaume wanaongea habari za ng'ombe. Kiingereza kilikuwa ni mlango. Ungesema yote, na jirani asisikie.

"Ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza," kijana akasema, kama anajishawishi. "Na wenye uwezo wa kusaidia ni hao wanaosoma."

Akaandika kwa Kiingereza. Cha kwake si kama cha mke, aliandika Kiswahili pembeni, simu ikamgeuzia, akanakili. Alinisomea maana yake. Alianza na salamu kwa marafiki wote duniani, akawashukuru walivyoipenda Hanang, akasema mke wake mpenzi yuko katika kipindi kigumu na anaomba maombi. Mwishoni kabisa ndiko akaweka damu, na kundi lake, na hospitali. Akaweka na ile picha ya meno nje, kwa kuwa ndiyo watu wanayoijua. Akabonyeza.

Simu ikaanza kulia pale pale. Mioyo ilikuwa inapanda kwenye kioo kama mapovu ya pombe. Mtu wa ng'ambo ameandika anatuombea. Mwingine ametuma mikono iliyofumbatwa. Mwingine anakumbuka chai aliyokunywa kwangu, anauliza bibi hajambo. Kila ikilia kijana anaruka, anasoma, anakaa.

"Kuna anayekuja?" namuuliza.

"Wanaomba, bibi."

"Waombe. Lakini kuna anayekuja?"

Akarudia kupitisha kidole kwenye kioo.

Nikaingia ndani. Muuguzi alikuwa anabadilisha kitambaa chini yake, akakikunja haraka nisione, na nikaona. Mjukuu wangu akafungua macho. "Bibi, nasikia baridi." Mbulu ni baridi siku zote, sisi tumezaliwa humo, hatusemi tunasikia baridi. Nikavua shuka langu nikamfunika. Akaniuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu, kama mtoto bado anacheza, maana yeye alikuwa hasikii vizuri mwili wake tena. Nikaweka mkono. Alicheza kidogo, kama samaki kwenye ndoo. Nikamwambia anacheza sana, ana teke la dume. Halafu nikatoka nje, sikutaka auone uso wangu.

Nje ya geti kuna mama mmoja anauza chai na maandazi kwenye meza ya mabati. Nilikaa kwenye kigoda chake si kwa ajili ya chai, nilitaka tu pa kukaa. Alikuwa anaperuzi simu yake huku anageuza maandazi kwa mkono mwingine. Nikaona picha ya mjukuu wangu inapita. Kidole chake kiliipitisha kama mtu anayefukuza nzi.

"Rudisha!" nikamwambia.

"Nini, bibi?"

"Hiyo picha. Rudisha."

Akarudisha. "Huyu? Huyu ni yule dada wa wageni. Namfuata, anaweka picha nzuri. Hapa ametangaza safari nyingine."

"Umesoma?"

"Si ni cha kizungu. Cha wageni wake hiki, si cha kwangu."

Nikamwambia huyo dada wa wageni yuko mle ndani nyuma ya ule ukuta wa bluu, anatokwa na damu, na hapo ndipo ameomba damu. Mama wa chai akaacha mwiko kwenye mafuta. Akaitazama simu tena, akaivuta karibu na macho. Maneno yalionekana mistari mitatu tu ya mwanzo, yaliyobaki yamefichwa, mpaka ubonyeze ufunguliwe. Na hiyo mistari mitatu ilikuwa salamu kwa marafiki wa dunia.

"Mungu wangu," akasema. "Mimi nimempitisha tangu asubuhi. Mara tatu."

Nilirudi mbio kwa yule kijana. Mbio za mwanamke wa umri wangu ni aibu kuzitazama, lakini nilikimbia. Nikamwambia hapa Mbulu wanadhani ni tangazo la mlima. Akashtuka, akafungua ile posti, akaongeza Kiswahili chini ya Kiingereza. Nikamrudisha getini nikimvuta mkono wa shati. Mama wa chai akaonyesha upya simu yake. Juu bado salamu za kizungu, mistari ile ile mitatu. Kiswahili kilikuwa chini, kwenye giza, pale pasipofunguliwa.

"Umewasha taa uvunguni," mama wa chai akamwambia. "Nani atainama?"

Kijana akakaa chini kwenye matope, suruali yake safi, akashika kichwa. Alikuwa analia. Mwanaume kulia barabarani Mbulu, watu wanapita na punda. Nikamwacha alie kidogo, kisha nikampiga begani.

"Inuka. Andika nyingine."

Mtaalamu wa maabara alikuwa ametoka kutufuata, anataka kujua kama kuna mtu amepatikana. Akasikia. Akasema, "Msiunganishe. Andikeni mbili, kila moja ya watu wake. Ya Kiswahili isimame peke yake, mstari wa kwanza uwe damu. Na ya Kiingereza msiiache, ila muiandike upya kwa wazungu walioko huku karibu. Damu hii kwao ni nyingi kuliko kwetu. Wako masista, wako wa kujitolea mashuleni. Hao wanaoomba wako mbali, hawawezi kufika leo."

"Na watu wasio na bando?" mama wa chai akauliza. "Wengi huku wanasoma bure, picha haziwafungukii. Msiandike kwenye picha."

"Basi bila picha," akasema wa maabara. "Maneno matupu."

Hapo ndipo yule mzee wa koti jeusi akafika. Alikuwa ameambiwa kinachoandikwa, na hakufurahi.

"Nilishasema. Kwa Kiswahili, hapana. Itasambaa mpaka Katesh."

"Ndiyo ninachotaka," nikamjibu. "Isambae. Ifike Katesh, ipite, ifike Singida."

"Mama, kuna heshima."

"Heshima ya nani? Mimi ndiye niliyemuosha huyu siku aliyozaliwa. Hakuna kilicho chini ya kanga yake ambacho sikijui, na nakuambia kwa sasa ni damu tupu, na inaisha. Ukitaka kulinda heshima, nenda kamzuie anayesoma. Huyu mwache aandike."

"Watatucheka."

"Wacheke wakija kupimwa."

Mama wa chai alikohoa, sijui ni moshi au kicheko. Mzee akageuka akaenda kusimama kwenye ukuta, ametupa mgongo. Sikumchukia. Alikuwa anaogopa kitu alichofundishwa kuogopa, kama sisi sote.

Tukaandika pale kwenye meza ya maandazi. Mimi nilisema, kijana akaandika. Nilitaka kuanza na shikamoo kwa wazee na habari za mashamba, maana mtu hawezi kuingia kwa watu na shida bila salamu. Kijana akaniambia, bibi, salamu ndizo zilizotuponza. Iliniuma, lakini nikakata salamu. Mstari wa kwanza ukawa hivi: Damu kundi O hasi inahitajika leo, hospitali ya Mbulu mjini, kwa mama mjamzito. Wa pili: Ukijua kundi lako ni hilo, njoo sasa au piga namba hii. Wa tatu: Kama hulijui, njoo upimwe, haichukui muda. Mambo ya kondo hatukuyataja. Kumbe kulikuwa na njia ya kusema kwa Kiswahili bila kumvua mtu nguo, ila asubuhi hakuna aliyekuwa na akili ya kuitafuta.

Tukaiweka kwenye ukurasa wa mke, kwenye ukurasa wa mume, kwenye grupu la bodaboda, la wauza vitunguu saumu, la kwaya, na mama wa chai akaiweka kwenye stetasi yake. Ile ya asubuhi kijana akaifuta. Halafu akaandika ya Kiingereza, fupi vile vile, isiyo na salamu za dunia, akaiweka kwenye grupu moja la wageni wanaoishi mkoani kwetu, ambalo mke wake aliwahi kumwingiza.

Nikarudi ndani. Alikuwa amelala, au amefumba tu. Midomo imepasuka. Nilisogeza sikio nikasikia pumzi, fupi fupi, kama ya mbuzi aliyekimbizwa. Daktari akapita, akatazama chini ya shuka, akatazama saa ya ukutani, akaniambia kwamba hawezi kungoja giza. Nikamuuliza akiingia bila damu nini kitatokea. Alinishika tu bega.

Walikuja. Wa kwanza walikuwa bodaboda, kundi zima, wamelowa, kofia ngumu mikononi, wanagombania foleni ya maabara kama ya mafuta. "Shikamoo bibi, nipime mimi kwanza, mimi damu yangu ni dizeli." "Wewe wewe, ya kwako ina gongo, itamlevya mama wa watu!" Nilitaka kucheka nikashindwa. Wakatobolewa vidole mmoja mmoja. Hapana. Hapana. Hapana. Kila hapana mtaalamu wa maabara aliitamka kwa sauti ndogo zaidi. Wale vijana hawakuondoka. Wakasema kama haimfai yeye, ichukuliwe imfae mwingine, wakalala wakatoa. Walimu wawili wakaja. Wanakwaya wakaja. Katekista kutoka kijiji cha Daudi akaja na baiskeli kwenye ule utelezi. Hapana.

Dirishani mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Walikuwa wameshamvalisha lile gauni la kijani la chumba cha upasuaji.

Halafu likaingia gari la mizigo, limejaa matope mpaka kwenye vioo. Akashuka mama mnene wa ushungi, mfanyabiashara wa nguo kutoka Dongobesh. Hata salamu hakungoja nimalize.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ni O hasi. Naijua tangu mimba yangu ya pili, kliniki walinichoma ile sindano ya wajawazito wenye damu hiyo, wakaniandikia kwa wino mwekundu. Yuko wapi?"

Wakampima. Mtaalamu wa maabara alitoka ameshika kile kikaratasi kama ameshika yai. Ni yenyewe.

Wakati damu inatiririka kwenye mfuko nilimshika yule mama mkono mwingine. Akaniambia, "Nimeiona asubuhi, bibi. Nilikuwa nafungua duka. Nikaona picha, nikasema huyu binti kapata wageni tena, Mungu amzidishie. Nikaendelea kufungua mafurushi. Ningejua, ningekuwa hapa adhuhuri." Alisema hivyo na machozi yakamtoka, kama vile yeye ndiye mwenye kosa. Nikamwambia nyamaza, mwanangu, usitikise mkono.

Chupa ilikuwa moja. Bado ilitakiwa kupimwa magonjwa, na bado ilitakiwa nyingine. Daktari akasema anaingia, haijalishi. Wakamsukuma akipita mbele yangu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakunijua.

Mlango ulikuwa umeshafungwa pikipiki ilipofika, na juu yake mzungu mwembamba mwenye ndevu, amepigwa na upepo mpaka masikio mekundu. Ni wa kujitolea, anafundisha shule huko Gitting, upande wa Hanang, safari ndefu na barabara siku hiyo ilikuwa uji. Akanipa shikamoo, nzuri, ya kufundishwa. Akaongea na kijana wetu kwa kizungu huku anakunja mkono wa sweta, na kijana akawa ananitafsiria anatembea. Aliiona ya asubuhi pia. Aliifungua, akafika kwenye maneno ya shida na maombi, akadhani ni wale matapeli wanaoiba kurasa za watu kuomba fedha. Akaiacha bila kufika mwisho. Hii ya pili ilimwambia damu gani, wapi, lini. Akawasha pikipiki.

Alifaa. Wakamtoa damu, wakaipima, na ule mfuko ukaingia kule ndani bado una joto la mwili wake.

Sitasimulia kilichokuwa moyoni nilipokuwa nje ya ule mlango. Nilisikia mtoto akilia, sauti nyembamba, na sikuweza kufurahi kwa sababu nilikuwa nasubiri sauti ya pili, ya mama yake, ambayo nilijua haiwezi kuja, amelazwa usingizi. Yule mzee wa koti jeusi alikuwa amekaa karibu yangu. Mkono wake ulikuwa umefungwa pamba. Alikuwa amepimwa kimya kimya, haikufaa, naye akatoa kwa ajili ya wengine.

Daktari akatoka, gauni limeloa. Akasema yuko hai. Akasema damu ilikuwa inakataa kusimama, na chupa zile mbili ndizo zilizomweka hapa. Akasema pia walilazimika kukitoa kizazi.

Mtoto ni wa kike, mdogo kama sungura, mwenye manjano machoni, wakamweka chini ya taa. Mama yake aliamka siku iliyofuata. Aliniuliza mtoto, nikamwonyesha kwa mbali. Akaniuliza mengine, nikamwambia, kwa lugha ya nyumbani, taratibu. Aligeukia ukutani akakaa hivyo mpaka uji ukapoa. Ana miaka ishirini na sita.

Simu ilikuwa haijanyamaza. Ile posti ya Kiswahili ilikuwa imezunguka imefika mpaka watu tusiowajua, na walikuwa bado wanakuja getini kupimwa, wengine wametembea. Mume akasema lazima tuandike kwamba damu imepatikana, watu wasisumbuke. Baba mkubwa akasema basi na ile ya Kiswahili ya kuomba damu ifutwe, imeshafanya kazi yake. Mjukuu wangu akanyoosha mkono, hana nguvu ya kushika, nikamshikia mimi ile simu mbele ya uso. Akaisoma. Jina lake, ukurasa wake, na damu kwenye mstari wa kwanza, na chini yake watu wa Tlawi, Dongobesh, Katesh, wanaulizana kwa Kiswahili, amepata? Amepona? Kuna mtu ana habari za huyu mama?

"Msiifute," akasema.

Akamwambia mume aandike mbili tena. Ya Kiswahili iseme damu imepatikana, mama na mtoto wapo, asanteni mliokuja na mliojaribu. Ya Kiingereza iende kwenye lile grupu, imshukuru yule wa Gitting na wengine waliouliza, iseme yale yale. Mume akauliza kuhusu lile jingine, aliandike? Akatikisa kichwa. Kizazi hatukukiandika kwa lugha yoyote. Na pale juu, kwenye maneno ya kumtambulisha, akataka Kiswahili kitangulie, Kiingereza kifuate, na namba ya simu katikati.

"Na wageni?" mume akamuuliza.

"Wageni watashuka mstari mmoja."

Kijana alikuwa bado anaandika simu ilipoita mkononi mwake. Akaisikiliza, akaanza kueleza kwamba damu imeshapatikana. Mjukuu wangu akanitazama, nikamnyang'anya kijana ile simu nikamwekea sikioni. Niliisikia sauti ya mwanamke wa kijiji cha Daudi, kubwa, na ng'ombe wanalia nyuma yake. Anasema amechelewa kuiona, hajui kundi lake, lakini yuko tayari kutembea. Huyo mama yupo? Anaendeleaje?

Mjukuu wangu akameza mate.

"Ni mimi mwenyewe unaongea naye," akasema.

Kule upande wa pili nikasikia ng'ombe tu. Halafu yule mwanamke akaanza kupiga vigelegele, na mjukuu wangu, simu ikiwa sikioni, akalia kwa mara ya kwanza.